Kabla skripti haijagusa bwawa: athari ya bei na hasara isiyo ya kudumu

Swali: "Nimeandika skripti inayosoma bei ya bwawa la USDC na WETH kila dakika. Bei ikifika ninapotaka, inanunua. Hasara isiyo ya kudumu ikifika asilimia 5, inatoa ukwasi wangu na kuuza WETH yote. Shida ni kwamba ninachopata hakilingani na bei niliyoisoma, na sina hakika kama hiyo asilimia 5 ina maana yoyote. Nihesabu nini kabla haijatenda?"

Jibu: Ndugu, acha kwanza kusoma bei. Soma akiba.

Bei ya bwawa ni uwiano wa akiba mbili, na uwiano haukuambii kina. Bwawa lenye USDC 2,000 na WETH 1 lina bei ya 2,000. Bwawa lenye USDC 2,000,000 na WETH 1,000 lina bei hiyohiyo. Ingiza USDC 1,000 kwenye la kwanza, utatoka na WETH 0.3327, yaani umelipa zaidi ya 3,000 kwa kila moja. Ingiza kiasi hicho kwenye la pili, utapata 0.4983. Skripti yako inayaona mabwawa haya mawili kuwa sawa kabisa, na hapo ndipo pesa yako inapopotelea.

Nitachukulia unatumia bwawa la mtindo wa Uniswap v2, uliotoka mwaka 2020, kwa sababu hesabu zake ni wazi na masoko mengi yaliyogatuliwa yameunakili. Mkataba wa bwawa una kazi moja inayokutosha, `getReserves()`. Inarudisha akiba ya tokeni ya kwanza, akiba ya tokeni ya pili, na wakati akiba hizo zilipobadilishwa mara ya mwisho.

Kuna mitego miwili ya kuondoa mapema. Wa kwanza ni mpangilio. Tokeni inayoitwa `token0` ni ile yenye anwani ndogo zaidi, wala haihusiani na jinsi wewe unavyotaja jozi. Uliza mkataba wenyewe `token0()` badala ya kukisia. Wa pili ni desimali. USDC ina desimali 6, WETH ina 18. Akiba za bwawa letu kubwa la mfano zitakufikia hivi: 2000000000000 na 1000000000000000000000. Ukizigawanya zilivyo, utapata namba isiyofanana na bei yoyote duniani, imekosewa mara trilioni moja. Gawanya ya kwanza kwa 10 kipeo cha 6, ya pili kwa 10 kipeo cha 18, ndipo utafute uwiano: 2,000,000 kwa 1,000, bei 2,000.

Tena, vitu vyote utakavyovitumia katika hesabu moja visome kwenye bloku moja. Ethereum hutoa bloku mpya kila sekunde 12. Ukisoma akiba kwa ombi moja, kisha jumla ya tokeni za ukwasi kwa ombi jingine, yote kwa `latest`, unaweza kuwa umechanganya hali mbili tofauti bila kujua. Taja namba ya bloku:

```python
b = w3.eth.block_number - 1
r0, r1, _ = pair.functions.getReserves().call(block_identifier=b)
s = pair.functions.totalSupply().call(block_identifier=b)
```

Nimerudi nyuma bloku moja kwa makusudi, kwa kuwa watoa huduma wa nodi huwa na mashine nyingi nyuma ya anwani moja, na si zote zinakuwa na bloku ya mwisho kwa wakati mmoja. Kama unataka kuona mabadiliko papo hapo badala ya kusubiri dakika, sikiliza tukio la `Sync`. Bwawa hulitoa kila akiba zake zinapobadilika, na ndani yake mna akiba mpya zote mbili.

Athari ya bei

Hesabu ya unachopata imeandikwa ndani ya mkataba, kwa hiyo huna haja ya kukadiria. Ada ya asilimia 0.3 inakatwa kwenye unachoingiza, kisha zao la akiba mbili halipaswi kupungua:

```python
def pato(ingizo, akiba_in, akiba_out):
    x = ingizo * 997
    return x * akiba_out // (akiba_in * 1000 + x)
```

Tumia namba kamili zenye desimali zote za tokeni, usitumie `float`, ili upate jibu lilelile la mkataba hadi tarakimu ya mwisho. Na kama bwawa ni la soko jingine, hakikisha ada yake. PancakeSwap v2, kwa mfano, hukata asilimia 0.25, kwa hiyo 997 na 1000 zinakuwa 9975 na 10000.

Sasa tuseme skripti yako inataka kununua WETH kwa USDC 50,000 kwenye bwawa letu la USDC 2,000,000 na WETH 1,000. Baada ya ada zinabaki 49,850 zinazofanya kazi. Unatoka na WETH 24.31885. Gawanya 50,000 kwa hizo: umelipa 2,056.02 kwa kila moja, wakati skripti ilisoma 2,000. Umelipa asilimia 2.8 zaidi. Katika hiyo, takriban 0.3 ni ada, na karibu 2.5 ni athari ya bei, yaani uzito wa oda yako mwenyewe.

Iangalie hiyo 2.5 vizuri. USDC 50,000 ni asilimia 2.5 ya akiba ya USDC iliyokuwemo. Kwenye bwawa la namna hii mambo huenda hivyo: ukiacha ada pembeni, asilimia ya akiba unayoingiza ndiyo asilimia unayozidishiwa kwenye bei ya wastani. Bei ya bwawa lenyewe inasogea karibu mara mbili ya hapo. Baada ya oda yako bwawa lina USDC 2,050,000 na WETH 975.68, na bei mpya ni 2,101.10, juu kwa asilimia 5.05. Watu wengi hulinganisha bei ya kabla na bei ya baada, wakaona 5, wakadhani wameibiwa. Wengine huona 2.5 na kudhani bwawa litabaki hapo. Zote ni namba sahihi za vitu viwili tofauti.

Kuna na tofauti ndogo inayochanganya watu wanapolinganisha skripti yao na tovuti ya soko. Athari ileile ni asilimia 2.49 ukiipima kwa bei uliyolipa, na asilimia 2.43 ukiipima kwa tokeni ulizokosa. Chagua moja, uitumie hiyo tu kwenye skripti nzima.

Kwa skripti, swali lenye faida zaidi ni la kinyumenyume: niko tayari kuvumilia athari kiasi gani, na hilo linaniruhusu oda ya ukubwa gani? Zidisha kikomo chako kwa akiba ya unachoingiza, kisha gawa kwa 0.997. Kikomo cha asilimia 0.5 kwenye bwawa letu kinakupa USDC 10,030 hivi. Ukubwa wa oda utoke kwenye akiba kila mara, usiuandike ndani ya msimbo kama namba isiyobadilika. Ukwasi huhama. Bwawa lililobeba 50,000 bila shida mwezi uliopita linaweza leo kuwa na robo ya akiba yake ya zamani na bei isibadilike hata kidogo.

Utasikia ushauri wa kugawanya oda kubwa vipande. Ni sahihi, lakini kwa sababu moja tu: kati ya kipande na kipande, walanguzi wa tofauti ya bei huja kuirudisha bei ya bwawa pale ilipo bei ya masoko mengine. Ukituma vipande vitano mfululizo ndani ya bloku moja, unapata karibu kilekile ambacho ungepata kwa oda moja, na umelipa gesi mara tano. Kwa hiyo skripti isitume kipande kinachofuata kwa kuhesabu sekunde. Ingoje mpaka akiba zionyeshe bei imerudi.

Hiyo asilimia 5 yako

Hasara isiyo ya kudumu inategemea kitu kimoja: bei ya sasa imegawanywa kwa bei uliyoingilia. Tuiite `r`. Bwawa linauza kidogokidogo kinachopanda na kununua kinachoshuka, kwa hiyo bei ikihama upande wowote unabaki na thamani ndogo kuliko aliyekaa na tokeni zake mfukoni. Kipimo chake ni hiki:

```
hasara = 2*sqrt(r)/(1+r) - 1
```

Ukiweka hasara ya asilimia 5 humo na kutafuta `r`, unapata 1.908 au 0.524. Maana yake, skripti yako itakaa kimya mpaka WETH ipande asilimia 91 au ishuke asilimia 48. Sidhani hilo ndilo ulilokusudia. Asilimia 5 inasikika ndogo kwa sababu mchoro wa hasara hii huanza taratibu sana: bei ikisogea asilimia 10 juu hasara ni 0.11, ikisogea 20 ni 0.41, ikisogea 50 ni 2.02, na ikifika mara mbili ni 5.72.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Kipimo hicho hakijui lolote kuhusu ada ulizokusanya. Tuchukue mfano wako kwa namba. Uliingiza USDC 20,000 na WETH 10 bei ikiwa 2,000, sehemu yako ikawa asilimia 1 ya bwawa. Bei imepanda hadi 3,000. Bila kuhesabu ada, sehemu yako sasa ni USDC 24,494.90 na WETH 8.165, jumla 48,989.79. Ungekaa nazo tu, ungekuwa na 50,000. Pengo ni 1,010, asilimia 2.02.

Sasa ada. Kwenye v2 ada hazilipwi pembeni. Zinabaki ndani ya akiba, ndiyo maana watu hushindwa kuziona. Njia safi ya kuzitenga ni kupima ukwasi kwa kila tokeni ya ukwasi:

```python
L = (r0 * r1) ** 0.5 / s
```

Hapa `s` ni ile `totalSupply` tuliyosoma kwenye bloku moja na akiba. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba bei ikipanda au kushuka hakitikisiki, na mtu akiingiza au kutoa ukwasi hakitikisiki pia, kwa sababu akiba na tokeni za ukwasi hubadilika pamoja. Kinachokikuza kwa kawaida ni ada. Hifadhi thamani yake siku uliyoingia, igawanye ya leo kwa ile, na umepata ukuaji wako wa ada bila kuhesabu muamala hata mmoja. Hapa `float` haina madhara, kwa sababu unalinganisha tu, hutumi namba hiyo kwenye mkataba. Kama ukiona `L` imeruka ghafla kwa kiasi ambacho biashara ya siku hiyo haiwezi kueleza, chunguza kabla ya kuamini. Mtu anaweza kutuma tokeni moja kwa moja kwenye mkataba na kuita `sync()`, na tokeni zinazobadilisha salio lake zenyewe huleta kelele ya namna hiyohiyo.

Tuseme `L` yako imekua asilimia 1.4 tangu uingie. Zidisha: 0.979796 kwa 1.014 ni 0.99351. Sehemu yako ina thamani ya 49,675.65, na pengo halisi dhidi ya kukaa na tokeni ni 324, si 1,010. Ili kufuta hasara ya `r` ya 1.5 ungehitaji `L` ikue asilimia 2.06. Namba hiyo, `(1+r)/(2*sqrt(r)) - 1`, iweke kwenye kumbukumbu za skripti karibu na ukuaji wa `L`, uone ipi inaikimbia nyenzake.

Halafu kuna gharama ya kitendo chenyewe, ambayo sijaona watu wengi wakiihesabu. Kutoa ukwasi peke yake hakuna athari ya bei. Unapewa sehemu yako ya kila akiba, bei inabaki palepale, unalipa gesi tu. Gharama inaanza pale skripti yako inapouza WETH yote, tena kwenye bwawa lilelile ambalo sekunde chache zilizopita ulilipunguzia kina kwa kutoka. Unauza WETH 8.279 kwenye akiba iliyobaki na WETH 819.65. Kwa fomula ile ya `pato` unapata USDC 24,516, wakati kwa bei iliyosomwa zingekuwa 24,838. Umepoteza 321 nyingine, karibu sawa na hasara yote uliyotaka kuikimbia. Skripti imekuwa ikikulinda dhidi ya pengo la 324 kwa kulilipia mara mbili.

Ningetenganisha maamuzi hayo mawili kabisa. Kuuza WETH ni dau juu ya bei ya WETH. Kama unataka kuuza, uza kwa sababu hiyo, na kwa kikomo cha athari tulichokwisha kuona. Kuondoka bwawani ni swali jingine, nalo halihusiani na hasara ya nyuma. Iliyopita imepita. Ukitoka leo na kurudi leo, `r` yako inaanza tena kwenye 1 na hasara inasomeka sifuri, lakini huna senti zaidi ya ulizokuwa nazo.

Swali la kuondoka linatazama mbele: je, ada za wiki ijayo zitazidi hasara ambayo mwendo wa kawaida wa bei wa wiki ijayo utaleta, kuanzia hapa tulipo? Pande zote mbili unaweza kuzikadiria. Chukua ukuaji wa `L` wa siku 7 zilizopita. Chukua mwendo wa bei wa kawaida wa wiki. Kama bei husogea asilimia 10 kwa wiki, gharama yake ni 0.11, na kama `L` inakua 0.15, unabaki. Bei ikianza kusogea 20 kwa wiki, gharama inafika 0.41 na ada zilezile hazitoshi. Mwendo ukiongezeka maradufu, gharama inapanda karibu mara nne. Kwa hiyo kengele yako iite kwa mtikisiko wa bei dhidi ya ukuaji wa `L`, na utaipata mapema sana kuliko kungoja asilimia 5. Ni makadirio, na wiki mbaya inaweza kuja bila kubisha hodi, ila angalau unapima kitu ambacho uamuzi wako unakigusa.

Kati ya kusoma na kutenda

Muamala wako hautekelezwi kwenye bloku uliyoisoma. Katikati, wengine wanaweza kutangulia, na baadhi yao kwa makusudi: wananunua mbele yako, oda yako inasukuma bei juu zaidi, kisha wanauza nyuma yako ndani ya bloku hiyohiyo. Kinga yako ni `amountOutMin`, kiwango cha chini unachokubali. Muamala ukishindwa kukifikia unakataliwa, na unapoteza gesi tu.

Hapa ndipo watu huchanganya athari ya bei na mtelezo. Athari ni uzito wa oda yako, unaijua mapema hadi tarakimu ya mwisho, na imeshahesabiwa ndani ya 24.31885. Mtelezo ni mabadiliko ya wengine baada ya wewe kusoma. Uvumilivu wako unahusu mtelezo peke yake. Ukiweka asilimia 0.5, kiwango cha chini ni WETH 24.19726. Mtu aliyeona amelipa asilimia 2.8 juu ya bei akaamua kuweka uvumilivu wa asilimia 3 "ili isikwame" amemwachia mlanguzi asilimia 3 nzima juu ya athari aliyokwisha kuilipa.

Namba hiyo ihesabu nje, kutoka kwenye bloku uliyoisoma, kisha uitume. Nimeona mikataba inayoita `getAmountsOut` ndani ya muamala uleule na kutumia jibu lake kama kiwango cha chini. Haikulindi na chochote, kwa sababu wakati huo bei imeshasukumwa, na kiwango kinasukumwa nayo. `deadline` nayo ni vivyo hivyo: weka wakati halisi, labda dakika mbili kutoka sasa, usiache mkataba ujipe `block.timestamp` yake wenyewe. Na unapotoa ukwasi, `amountAMin` na `amountBMin` usiziache sifuri. Mtu akisukuma bei kabla ya kutoka kwako, utapewa nyingi ya tokeni iliyoshuka na chache ya iliyopanda.

Ulinzi mmoja zaidi unahusu kengele yenyewe. Usiiruhusu skripti itende kwa kusoma akiba mara moja. Mkataba wa v2 unatunza `price1CumulativeLast`, jumla ya bei ya `token1` kwa `token0` iliyozidishwa kwa sekunde. Soma mara mbili kwa pengo la nusu saa, toa, gawa kwa sekunde zilizopita, utapata wastani wa bei wa nusu saa hiyo. Kumbuka namba hiyo inasasishwa bwawa linapoguswa tu, kwa hiyo ongeza sekunde zilizopita tangu mguso wa mwisho zikizidishwa kwa bei ya sasa, na kwamba imehifadhiwa ikiwa imezidishwa kwa 2 kipeo cha 112. Bei ya sasa ikiachana na wastani kwa zaidi ya asilimia 2, skripti isitende. Ingoje bloku kadhaa, isome tena. Kama mantiki yako ingekuwa ndani ya mkataba badala ya nje, ningekuwa mkali zaidi, kwa sababu mkopo wa papo hapo unaweza kupindisha akiba na kuzirudisha ndani ya muamala mmoja. Skripti ya nje huona akiba za mwisho wa bloku, kwa hiyo mkopo wa namna hiyo kwa kawaida umeshapita kabla hujasoma.

Kwenye mabwawa ya Uniswap v3 fomula ya `pato` haitumiki. Ukwasi umepangwa kwa safu za bei, na oda kubwa inaweza kutoka safu nene ikaangukia nyembamba. Huko uliza mkataba wa `QuoterV2` kupitia `eth_call`. Utakuigizia oda nzima na kukurudishia pato. Hasara isiyo ya kudumu nayo huuma haraka zaidi kadiri safu yako ilivyo finyu, na bei ikitoka nje ya safu unabaki na tokeni moja tu na ada zinasimama.

Kabla hujairuhusu skripti iguse pesa kubwa, iache itende kwa kiasi kidogo na iandike vitu vitatu kwa kila oda: pato ililolitabiri, kiwango cha chini ilichotuma, na pato halisi kutoka kwenye tukio la `Swap`. Pato halisi likilingana na utabiri hadi tarakimu ya mwisho, hakuna aliyepita kati yako na bwawa. Likiwa juu kidogo mara nyingine na chini kidogo mara nyingine, ni biashara ya kawaida ya watu wengine. Lakini likiwa kila mara limekaa juu kidogo tu ya kiwango chako cha chini, fungua bloku hiyo utazame muamala uliotangulia wako na uliofuata. Mara nyingi utaikuta anwani ileile pande zote mbili. Hapo punguza uvumilivu, punguza ukubwa wa oda, na tuma muamala kwa njia ya faragha isiyopitia foleni ya wazi.